Kubadilisha Kiwango cha Sampuli kutoka 44,100 hadi 48,000 bila Kuharibu Sauti

Wimbo wa taarabu ulitoka studio ukiwa safi, umerekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Nilimkabidhi mhariri wa video, akauweka chini ya picha, kisha akanirudishia kazi ili niikubali. Niliisikiliza kwa hedifoni nikashtuka. Kila fidla zilipopanda juu, palikuwa na sauti nyingine nyembamba ikizifuata, sauti isiyokuwa noti ya wimbo wala mwangwi wa chumba. Matoazi nayo yalisikika kama yamemwagiwa mchanga.

Mhariri aliniapia kwamba hakugusa sauti, na alisema kweli. Aliyeigusa ni programu yake. Video hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde, na faili yangu ilipoingia programu iliibadilisha kimyakimya kwa njia ya mkato. Mwongozo huu unaeleza njia hiyo ya mkato huharibu nini, unavyoweza kuuona uharibifu kwa macho yako, na namna ya kufanya kazi hiyo vizuri kwa programu ya bure.

Kwa nini kuna viwango viwili

Namba 44,100 ilitokana na mikanda ya video. Kabla ya CD, sauti ya dijiti ilihifadhiwa kwenye mashine za video, sampuli tatu katika kila mstari wa picha. Kwa mfumo wa nusu-picha 60 kwa sekunde ilitumika mistari 245 katika kila nusu-picha, na 3 × 245 × 60 ni 44,100. Kwa mfumo wa nusu-picha 50 ilitumika mistari 294, na 3 × 294 × 50 ni 44,100 ileile. CD ikairithi namba hiyo, na muziki mwingi umebaki nayo. Vifaa vya filamu, video na utangazaji vilikaa kwenye 48,000. Ndiyo maana kila wimbo wa CD unaoingia kwenye video lazima uvuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Uwiano wa namba hizi mbili ni 160 kwa 147. Maana yake, katika muda ambao faili ya zamani ina sampuli 147, faili mpya inahitaji 160. Karibu zote hizo mpya zinaangukia mahali ambapo hakuna sampuli ya zamani. Lazima zikokotolewe, na ubora wote umo katika namna ya kuzikokotoa.

Njia ya mkato inafanya nini

Njia rahisi ni kuchukua sampuli mbili za zamani zilizo jirani, kuchora mstari ulionyooka kati yake, na kusoma thamani kwenye mstari huo. Kwa mtazamo wa kwanza inaridhisha. Lakini wimbi la sauti halinyooki kati ya sampuli, limepinda, na mstari ulionyooka hukata kona na kupita chini ya kilele.

Tuchukue toni ya hezi 10,000. Sampuli mpya ikiangukia juu ya sampuli ya zamani, thamani yake ni sahihi kabisa. Ikiangukia katikati ya sampuli mbili, thamani yake inapungua kwa asilimia 24. Kwa toni ya hezi 1,000 upungufu huo wa katikati ni robo ya asilimia moja tu, kwa sababu wimbi la polepole halipindi sana kati ya sampuli mbili. Kwa hiyo sauti ya mwimbaji inaweza kutoka salama huku matoazi na kayamba vikiumia.

Sasa tazama jambo ambalo watu wengi hulipita. Upungufu huo haukai mahali pamoja. Sampuli mpya zinaanza zikiwa zimelingana na za zamani, kisha zinateleza taratibu hadi katikati, kisha zinalingana tena. Mtelezo huo hujirudia mara 3,900 kwa sekunde, kwa kuwa 48,000 toa 44,100 ni 3,900. Toni yetu, ambayo ilikuwa na nguvu sawa muda wote, sasa inapungua na kuongezeka mara 3,900 kwa sekunde, kama kwamba mtu anakitikisa kitufe cha sauti kwa kasi hiyo.

Toni inayotikiswa hivyo huzaa toni nyingine pande zake mbili. Toni ya 10,000 inapata kivuli kwenye 13,900 na kingine kwenye 6,100. Hakuna hata kimoja chenye uhusiano wa kimuziki na toni yenyewe. Sauti za ziada zinazotokana na spika iliyozidiwa huwa ni mara mbili au mara tatu ya noti, na sikio linaweza kuzivumilia. Hizi ziko umbali uleule wa hezi 3,900 bila kujali noti ni ipi, kwa hiyo zinapingana na wimbo kila mahali. Hiyo ndiyo sauti nyembamba niliyoisikia ikizifuata fidla.

Nguvu ya kivuli kikubwa inakokotoleka. Kwa njia ya mstari ulionyooka, kiko chini ya toni yake kwa kiasi hiki cha desibeli:

```
40 × log10( (44100 − f) / f )
```

Hapo f ni masafa ya toni kwa hezi. Kwa 1,000 jibu ni desibeli 65, na hakuna atakayekisikia ndani ya wimbo. Kwa 5,000 ni 36. Kwa 10,000 ni 21 tu, na kwa 15,000 kivuli kiko desibeli kama 11 na nusu chini, yaani zaidi ya robo ya nguvu ya wimbi lenyewe. Kuna programu zinazofanya vibaya zaidi ya hapo: hazichori hata huo mstari, zinarudia tu sampuli iliyo karibu. Kwa hizo, desibeli zote nilizotaja zigawe kwa mbili.

Tengeneza faili ya majaribio

Usianze na wimbo. Wimbo una sauti nyingi mno, na vivuli hujificha ndani yake. Anza na toni moja inayopanda kutoka sifuri hadi hezi 20,000 kwa sekunde nane. Programu ninayotumia ni SoX, ambayo ni ya bure na huendeshwa kwa amri:

```
sox -r 44100 -c 1 -n -b 24 mpando.wav synth 8 sine 0:20000 gain -6
```

Alama ya nukta mbili kati ya 0 na 20000 inaiambia SoX ipandishe toni kwa mwendo ulio sawa. `gain -6` inaishusha ili ibaki nafasi juu, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kisha tengeneza makusudi nakala mbaya, ili ujue ubaya una sura gani. Hii ni njia ya mstari ulionyooka katika Python:

```python
import numpy as np, soundfile as sf
x, fs = sf.read("mpando.wav")
t = np.arange(int(len(x) * 48000 / fs)) * fs / 48000
y = np.interp(t, np.arange(len(x)), x)
sf.write("mbaya.wav", y, 48000, subtype="PCM_24")
```

Na nakala nzuri kwa SoX:

```
sox mpando.wav -b 24 nzuri.wav rate -v 48000
```

Sasa chora picha ya kila moja:

```
sox mbaya.wav -n spectrogram -o mbaya.png
sox nzuri.wav -n spectrogram -o nzuri.png
```

Katika picha hizo muda unakwenda kulia, masafa yanakwenda juu, na rangi inaonyesha nguvu. Fungua `nzuri.png` kwanza. Utaona mstari mmoja wa mshazari kutoka chini kushoto hadi juu kulia, na weusi pande zote. Fungua `mbaya.png`. Mshazari uleule upo, lakini umezungukwa na mistari mingine inayokwenda sambamba nao. Simama kwenye sekunde ya nne, ambapo toni imefika 10,000. Juu yake utakuta mstari kwenye 13,900, chini yake kwenye 6,100, na mwingine hafifu zaidi kwenye 17,800. Kivuli cha chini kina tabia ya kupendeza: mwanzoni kinashuka, kinagusa sakafu toni inapopita 3,900, yaani baada ya sekunde moja na nusu hivi, halafu kinaanza kupanda. Ukiona herufi V kwenye kona hiyo, umeshapata jibu bila kusikiliza chochote.

Faili hiyohiyo ya mpando ndiyo kipimo cha programu yoyote usiyoiamini. Iingize kwenye programu ya video, toa sauti yake kwa 48,000, na uchore picha. Nilipofanya hivyo kwa programu ya yule mhariri, V ilikuwa pale pale.

Njia iliyo sahihi inafanya nini

Claude Shannon alionyesha katika makala yake ya 1949 kwamba ikiwa sauti haina masafa yanayofika nusu ya kiwango cha sampuli, basi kuna wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye sampuli zote hizo. Kwa faili ya 44,100 nusu hiyo ni hezi 22,050. Kwa hiyo thamani iliyo kati ya sampuli mbili si jambo la kubahatisha. Ipo, na inaweza kupatikana kwa usahihi wowote unaoutaka, ila haipatikani kwa kutazama majirani wawili. Inabidi kuwatazama makumi au mamia ya majirani wa pande zote mbili, kila mmoja akipewa uzito wake.

Unaweza kuifikiria kazi hiyo hivi. Kati ya kila sampuli mbili za zamani ingiza sifuri 159, upate faili ya sampuli 7,056,000 kwa sekunde. Sifuri hizo zinazaa vivuli vingi juu ya 22,050, lakini sasa viko peke yake, mbali na muziki. Kichujio kinavifuta vyote. Baada ya hapo unachukua sampuli moja katika kila 147, na 7,056,000 gawanya kwa 147 ni 48,000 kamili. Programu nzuri hazijazi sifuri kwa kweli, zinaruka hesabu zisizo na faida, lakini matokeo ni hayohayo. Kinachozitofautisha programu ni kichujio: kinafuta kwa kina gani, na kinaanzia wapi. Kwa `rate -v`, SoX imekusudia vivuli vishuke desibeli 175, chini zaidi ya kile ambacho faili ya biti 24 inaweza kubeba.

Kubadilisha wimbo wenyewe

Hatua ya kwanza ni kujua faili ina kiwango gani hasa:

```
soxi wimbo.wav
```

Soma mstari wa `Sample Rate`. Hapa kuna kosa moja ambalo si la ubadilishaji lakini huchanganywa nao. Faili ya 44,100 ikibandikwa lebo ya 48,000 bila kukokotolewa upya, wimbo unakwenda mbio na sauti inapanda karibu nusu-toni moja na nusu. Saa moja inageuka dakika 55 na sekunde chache. Ukisikia mwimbaji amekuwa na sauti ya kitoto, au midomo na maneno vinaachana kadiri video inavyoendelea, tatizo ni lebo. Rudisha lebo sahihi na hakuna kilichopotea.

Hatua ya pili ni kuacha nafasi juu. Wimbi halisi linaweza kuwa juu kuliko sampuli zake. Mfano ulio wazi ni toni ya 11,025, robo ya 44,100. Sampuli zake zinaweza kuangukia zote kwenye asilimia 71 ya kilele, moja kila upande wake. Mtu akizipandisha sampuli hizo hadi ukomo, kilele chenyewe kitakuwa desibeli 3 juu ya ukomo, na hakuna atakayejua kwa sababu hakuna sampuli iliyosimama pale. Ukibadilisha kiwango, sampuli mpya zitasimama pale, na zitakatwa. Nyimbo za siku hizi zilizosukumwa hadi juu zina hali hiyo mara nyingi. SoX ikikuambia `rate clipped` na idadi ya sampuli, ndicho kilichotokea. Kwa hiyo shusha kabla ya kubadilisha:

```
sox wimbo.wav -b 24 wimbo48.wav gain -3 rate -v 48000
```

Mpangilio una maana: `gain` itangulie `rate`. Ikiwa onyo bado linatokea, shusha tena kwa desibeli moja na urudie. Mimi sipendi kuipandisha sauti baada ya hapo. Mhariri atakuwa na maneno na sauti za mazingira za kuchanganya, na desibeli 3 hazimpi shida yoyote.

Hatua ya tatu ni kubaki kwenye biti 24 mpaka kazi iishe. Kushuka hadi biti 16 kunahitaji kelele kidogo ya makusudi inayofunika makosa ya kukadiria, na kelele hiyo iongezwe mara moja tu, mwishoni. SoX huiongeza yenyewe inapoandika biti 16.

Kisha mpe mhariri faili iliyo tayari 48,000, na mradi wake uwe umewekwa 48,000 kabla hajaingiza chochote. Hapo programu yake haina cha kubadilisha. Ndivyo nilivyofanya na ule wimbo wa taarabu. Nilirudi kwenye faili ya studio kwa sababu ile iliyoharibika haitengenezeki: kivuli kilichoangukia 6,100 kimekaa katikati ya sauti halali za 6,100, na hakuna kichujio kinachoweza kuvitenganisha.

Ukishuka badala ya kupanda

Kushuka kuna hatari kubwa zaidi, na mfano mzuri ni mahojiano. Kinasa sauti kimerekodi kwa 48,000, na mfumo wa kutambua matamshi unataka 16,000. Kwa kuwa 48 gawanya kwa 16 ni 3, kuna kishawishi cha kuchukua sampuli moja katika kila tatu na kuziacha mbili. Katika Python ni `x[::3]`, herufi chache tu.

Faili ya 16,000 haiwezi kubeba kitu kinachozidi hezi 8,000. Lakini sauti zilizo juu ya hapo hazitoweki kwa sababu hazina nafasi. Zinakunjwa na kurudi chini. Sauti ya 10,000 inatokea kwenye 6,000, ya 12,000 inatokea kwenye 4,000, ya 15,000 inatokea kwenye 1,000, katikati ya irabu. Na katika Kiswahili ni sauti zipi zenye nguvu nyingi huko juu? Ni s hasa, halafu sh na ch. Neno kama "sisi" au "siasa" linatoka na mkwaruzo ambao msikilizaji hudhani ni maikrofoni mbovu, na mtu anakwenda kununua maikrofoni nyingine.

Tengeneza mpando wa 48,000 uujaribu: badilisha tu `-r 44100` kuwa `-r 48000` na uipe faili jina jingine. Kwenye picha ya `x[::3]` mshazari unapanda hadi dari ya 8,000, unageuka kama mpira uliogonga ukuta, unashuka hadi sakafu, kisha unapanda tena. Kwenye picha iliyo sahihi unapofika dari unakatika.

Tiba ni kuchuja kwanza, ndipo upunguze, na `rate` hufanya yote mawili kwa mpangilio huo:

```
sox mahojiano.wav -b 16 mahojiano16.wav gain -3 rate -v 16000
```

Kichujio kikali kina gharama yake

SoX ina chaguo la `-s`, linalosogeza ukingo wa kichujio karibu kabisa na ukomo. Kadiri ukingo unavyokuwa mkali ndivyo kichujio kinavyolia kama kengele mbele na nyuma ya kila mlio wa ghafla, kwa masafa ya ukingo wenyewe. Kwa 48,000 au 44,100 ukingo uko juu ya hezi 20,000, na mlio huo uko nje ya masikio ya watu wazima walio wengi. Kwa 16,000 ukingo uko karibu na 8,000, mahali ambapo kila mtu anasikia. Kwa hiyo kwenye mahojiano siitumii `-s` kabisa. Hata kwenye muziki sijawahi kukutana na wimbo uliohitaji hizo hezi mia chache za juu.

Jaribio la kwenda na kurudi

Ukitaka uhakika kuliko picha, peleka mpando hadi 48,000, urudishe 44,100, kisha utoe moja kutoka kwa nyingine:

```
sox nzuri.wav -b 24 kurudi.wav rate -v 44100
sox -m -v 1 mpando.wav -v -1 kurudi.wav tofauti.wav
sox tofauti.wav -n stats
```

Angalia `RMS lev dB`. Kwa njia nzuri, kinachobaki ni vumbi la biti ya mwisho, pamoja na mlio mfupi mwanzoni na mwishoni ambapo toni imeanza na kukatika ghafla. Mlio huo ndio unaoweza kuipandisha `Pk lev dB`, kwa hiyo usiitegemee namba hiyo peke yake. Rudia hatua hizo ukianza na `mbaya.wav`. Utasikia kilichobaki bila kuongeza sauti ya spika: mbinja kadhaa zikipanda pamoja, kila moja hezi 3,900 juu ya mwenzake.